Bei ya fulana yenye nembo huanzia kwenye fremu

“Nimeulizia bei ya kuchapisha fulana za ushirika wetu. Kwa fulana 20 kila moja ni ghali, kwa 120 bei inashuka sana, na isitoshe mchapaji ameikataa nembo niliyomtumia kwa simu. Kwa nini?”

Mambo yote mawili yanatokana na fremu. Katika uchapaji wa skrini, ambao ndio unaotumika zaidi kwa oda kubwa za fulana, kila rangi ya wino huhitaji fremu yake iliyowambwa kitambaa chenye matundu madogo sana. Kitambaa hicho hupakwa dawa inayogeuka ngumu ikipigwa na mwanga, kisha hufunikwa kwa karatasi angavu yenye mchoro mweusi. Palipozibwa na weusi dawa hubaki laini na huoshwa kwa maji, na hapo ndipo wino utakapopenya mchapaji atakapouvuta kwa raba. Kazi hiyo haipungui hata kama fulana ni moja tu.

Tuseme ushirika unataka fulana za buluu iliyokoza, nembo ya njano na kijani kifuani, na maandishi meupe mgongoni. Mteja atahesabu rangi tatu, na hesabu yake haitakuwa sahihi. Njano ikichapwa moja kwa moja juu ya buluu hufifia, kwa hiyo mchapaji hutanguliza tabaka la wino mweupe chini ya nembo. Kifua kitahitaji fremu tatu na mgongo moja, jumla nne. Ikiwa kila fremu inatozwa, kwa mfano, shilingi 15,000, fremu zote ni shilingi 60,000. Gharama hiyo ikigawanywa kwa fulana 20, kila moja inabeba shilingi 3,000. Ikigawanywa kwa 120, inabeba shilingi 500. Ndiyo maana kuongeza fulana tano baadaye, baada ya fremu kusafishwa, huumiza kuliko kuziagiza tangu mwanzo, na ndiyo maana anayetaka kupunguza gharama afikirie kupunguza rangi kabla ya kupunguza ubora wa fulana. Kwa fulana nyeupe, tabaka la chini halihitajiki.

Sasa tuje kwenye nembo iliyokataliwa, ambayo ndiyo chanzo cha ule mchoro mweusi wa kutengenezea fremu. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu huipunguza ukubwa, na kinachopendeza kwenye kioo cha simu huwa na kingo zenye ngazi kikitanuliwa kifuani. Nembo ya upana wa sentimita 28, kwa kipimo cha nukta 300 kwa inchi ambacho wachapaji wengi hukitaka, inahitaji takribani pikseli 3,300 kwa upana. Njia bora ni kumwomba aliyeibuni nembo faili la asili lililochorwa kwa mistari, yaani la aina ya AI, EPS, SVG au PDF, kwa kuwa hilo hutanuka bila kuharibika. (Picha ya kawaida iliyobandikwa ndani ya PDF haigeuki kuwa mchoro wa mistari, wengi hujidanganya hapo.) Rangi nazo zitajwe kwa namba za Pantone, yaani orodha ya rangi ambayo wachapaji huifuata, kwa sababu kioo hutoa mwanga ilhali wino huuakisi, na “kijani chetu” hakimwambii mchapaji kitu.

Oda yenyewe iandikwe: idadi kwa kila saizi, rangi ya fulana, upana wa nembo kwa sentimita na umbali wake kutoka kwenye kola. Kisha idai prufu, yaani mfano wa kukagua na kuidhinisha kabla ya kazi kuchapwa. Prufu ya kwenye kioo cha simu au kompyuta hutosha kukagua tahajia, tarehe na mahali pa nembo, lakini haitoshi kwa rangi. Hiyo huonekana kwenye fulana moja iliyochapwa kwa wino halisi. Niliwahi kusaini prufu nikiwa nimeitazama nembo tu, na “Mkutano Mkuu wa Mwaka” ukachapwa “Mkutano Mku” mgongoni mwa kila fulana. Mchapaji alinionyesha saini yangu, nami nikalipa.

Fulana hiyo ya sampuli inafichua pia kasoro isiyoonekana kwa macho. Wino wa plastiki unaotumiwa sana haukauki kwa upepo, bali hukomaa ukifikia joto la nyuzi 160 hivi za selsiasi. Ivute nembo taratibu. Ikipasuka kama tope kavu, huenda wino haukuiva, nayo itaanza kubanduka ikifuliwa.

Kwa sababu hiyo, tarehe ya mwisho inayoandikwa kwenye oda isiwe siku ya mkutano. Kama mkutano ni tarehe 28, andika kwamba fulana zifike tarehe 24, sampuli iwe mkononi tarehe 16, na mtaje kwa jina mtu mmoja atakayeiidhinisha, kwani kamati ya watu saba ikianza kubishania kijani, siku nane hizo huliwa zote.