Gawio la kampuni mshirika si mapato mapya

Mtu anasema: "Tuna asilimia 30 kwenye ile kampuni, mwaka huu imetupa gawio la milioni 15, kwa hiyo faida yetu imepanda kwa milioni 15." Mwingine aliyesoma kidogo zaidi anamrekebisha: "Hapana, tumepata fungu la faida milioni 36, ukijumlisha na gawio 15 ni milioni 51." Wa pili amekosea zaidi ya wa kwanza, na kosa lake ndilo linaloingia kwenye hesabu mara nyingi kuliko inavyostahili.

Maana yenyewe ni fupi. Kampuni mshirika ni ile ambayo mwekezaji ana ushawishi mkubwa juu yake bila kuitawala. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 28 kinachukulia kwamba ushawishi huo upo mwekezaji akiwa na asilimia 20 au zaidi ya kura, isipokuwa iwe wazi kwamba haupo. Chini ya hapo inabidi uuonyeshe, kwa mfano kwa kiti kwenye bodi au kwa kushiriki katika maamuzi ya sera, yakiwemo ya gawio lenyewe. Uwekezaji wa namna hii hupimwa kwa njia ya mtaji: unaanza na gharama ya ununuzi, kisha thamani yake vitabuni inafuata kupanda na kushuka kwa mtaji wa kampuni mshirika, kwa kiasi cha fungu lako. (Hisa za wachache zinazoonekana kwenye mizania ya kundi lenye kampuni tanzu ni kitu kingine kabisa. Hizo ni mali ya watu wa nje waliomo ndani ya kampuni unayoitawala wewe.)

Sasa tuje kwenye gawio. Chukua mwekezaji aliyenunua asilimia 30 ya kampuni tarehe 1 Januari kwa milioni 360. Siku hiyo mali ya kampuni, baada ya kutoa madeni, ilikuwa na thamani ya haki ya milioni 1,000, sawa na ile ya vitabuni. Fungu lake hapo ni milioni 300, na milioni 60 zilizobaki ni ziada aliyolipia jina na matarajio ya biashara. Ziada hiyo haitengwi kwenye mstari wake. Inakaa humo humo ndani ya milioni 360, wala haipunguzwi mwaka hadi mwaka.

Mwaka unakwisha. Kampuni imepata faida ya milioni 120 baada ya kodi, na katika mwaka huo huo imelipa gawio la milioni 50. Mwekezaji anaandika maingizo mawili. Kwa fungu la faida, asilimia 30 ya 120:

```
Debiti   Uwekezaji katika kampuni mshirika     36
Krediti  Fungu la faida ya kampuni mshirika    36
```

Kwa gawio, asilimia 30 ya 50:

```
Debiti   Benki                                 15
Krediti  Uwekezaji katika kampuni mshirika     15
```

Tazama krediti ya ingizo la pili. Haikugusa mapato hata kidogo. Faida ya milioni 120 ilipopatikana, mwekezaji alishajihesabia sehemu yake yote, igawiwe isigawiwe. Kampuni ilipotoa fedha taslimu, mali yake ilipungua, na kile anachomiliki mwekezaji ndani yake kikapungua sambamba. Alichofanya ni kuhamisha milioni 15 kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Akiziandika tena kama mapato, faida ile ile itakuwa imehesabiwa mara mbili: mara ya kwanza ilipochumwa, mara ya pili ilipofika benki.

Kosa hili linajifichua lenyewe ukijua pa kuangalia. Mwisho wa mwaka uwekezaji unapaswa kusomeka 360 + 36 − 15, yaani milioni 381. Sasa ufikie jibu hilo kwa upande mwingine: mtaji wa kampuni mshirika ni 1,000 + 120 − 50, yaani 1,070, asilimia 30 yake ni 321, ongeza ile ziada ya 60, unapata 381. Aliyeandika gawio kama mapato atakuwa na 396 vitabuni, na tofauti ni 15 kamili, kiasi cha gawio lenyewe. Tofauti ya namna hiyo inakwambia moja kwa moja krediti ilikwenda wapi.

Ulinganisho huo huo unanasa kosa jingine dogo. Pale kodi ya zuio inapokatwa, benki inaonyesha pungufu, tuseme milioni 13.5, na mtunza leja anapunguza uwekezaji kwa kiasi hicho tu. Lakini kampuni mshirika imetoa gawio zima la 15 kwa ajili yake. Uwekezaji upungue kwa 15, na ile 1.5 iende kwenye akaunti ya kodi. Fungu la faida nalo tayari limetoka kwenye faida baada ya kodi ya kampuni mshirika. Linaonyeshwa kwenye mstari wake lenyewe, na hulitozi kiwango cha kodi tena kana kwamba ni mauzo yako.

Tarehe nazo zinasumbua. Gawio likiidhinishwa Desemba na kulipwa Februari, uwekezaji unapungua Desemba, haki ya kulipwa inapothibitika, na debiti inakwenda kwa wadaiwa badala ya benki. Kama hisa zilinunuliwa tarehe 1 Julai na faida ilipatikana kwa usawa mwaka mzima, fungu ni asilimia 30 ya milioni 60, yaani milioni 18, wala si 36. Na gawio likilipwa kutokana na faida ya miaka ya nyuma, kabla hata hujanunua, bado linapunguza uwekezaji. Hakuna haja ya kutafuta ni faida ya mwaka gani iliyogawiwa.

Upande wa hasara una kikomo. Fungu la hasara linapunguza uwekezaji hadi ufike sifuri, kisha unaacha kuliandika, isipokuwa kama una wajibu wa kulipa kwa niaba ya kampuni hiyo. Faida ikirudi, unafidia kwanza hasara ambazo hukuziandika ndipo uanze tena kujihesabia.

Kwa nini basi watu wazoefu bado wanaliita gawio mapato? Kwa sababu mahali pengine ni mapato kweli. Ukiwa na asilimia 5 tu bila ushawishi wowote, gawio linaingia kwenye faida yako. Hata kwa kampuni mshirika, mwekezaji anayetoa pia hesabu za kampuni yake pekee anaruhusiwa humo kuuweka uwekezaji kwa gharama, na akifanya hivyo milioni 15 ni mapato halali, ile 36 haionekani popote, na uwekezaji unabaki 360. Kwa hiyo yule wa kwanza, aliyesema faida imepanda kwa milioni 15, huenda alikuwa ameshika karatasi hizo. Muulize kwanza anasoma hesabu zipi kabla ya kumkosoa. Yule wa 51 hana hesabu zozote zinazompa jibu hilo, na kinachomfaa ni kuonyeshwa ile 381 na namna inavyofikiwa kwa njia zote mbili.