Betri mbili za umbo moja, na kwa nini moja ilikuwa ikichoma vidole

Ujumbe uliingia baada ya sala ya alasiri, umetoka Wete. Picha moja ya betri mbili zimelala juu ya mkeka, moja ya buluu na moja ya kijani, na nyuma yake sauti ya mvuvi wa dagaa ambaye kwa umri wake namwita Ami: "Fundi, hizi zote mbili zimo katika tochi yangu ya kichwani. Zamani ikiwaka mpaka tunarudi pwani, sasa saa nane ya usiku ishafifia. Na hii ya kijani nikiitoa kwenye chaji inanichoma vidole. Hebu nambie, ninunue ya aina gani?"

Mimi natengeneza tochi, redio na taa za sola hapa Mwanakwerekwe, na wateja wengi wa Pemba na wa mashamba hunipata kwa picha kabla hawajanipata kwa miguu. Picha ya betri inasema mengi ikipigwa vizuri. Ile ya Ami ilikuwa na kasoro moja: haikunionesha ukubwa.

Labda utasema, kwani betri si zinaonekana? Zinaonekana, lakini jicho linadanganyika. Betri ndogo ya rimoti ya televisheni ina urefu wa milimita 50 na upana wa milimita 14 na nusu hivi. Ile ya tochi ya kuchaji ina urefu wa milimita 65 na upana wa 18. Gawa urefu kwa upana, zote zinakuja karibu mara tatu na nusu. Ukizipiga picha kila moja peke yake juu ya mkeka, kwenye kioo cha simu ni mtu na pacha wake. Na zipo betri za lithiamu zilizotengenezwa kwa umbo lile lile la betri ya rimoti, zimeandikwa 14500, zenye volti 3.7 badala ya moja na nusu. Ukiitia hiyo kwenye saa ya ukutani, saa inapokea zaidi ya mara mbili ya volti ilizotengenezewa.

Kwa hiyo nilimwomba Ami aweke rula ya mtoto wa skuli ubavuni mwa betri, kisha apige tena. Usiweke kitambulisho wala kadi ya benki kuwa kipimo, maana picha hizi husambaa. Na usiisogeze simu karibu. Rula imelala chini lakini ubavu wa betri umeinuka, uko karibu zaidi na kamera, kwa hivyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ukipiga kutoka sentimita 20, betri ya milimita 65 itasomeka kama 68. Hapo utaanza kudhani ni ile ndefu zaidi iitwayo 21700, yenye milimita 70. Rudi nyuma nusu mita, vuta picha kwa kidole, na makosa yanapungua mpaka milimita moja tu. Ukibaki na shaka, usiutazame urefu, utazame upana: 18 na 21 hazifanani.

Picha ya pili ilikuja safi. Urefu 65, upana 18, zote mbili. Sasa ikawa kazi ya kusoma ganda. Ile ya buluu imeandikwa `INR18650 3.6V 2600mAh`. Ile ya kijani, maandishi yameanza kufutika kwa chumvi, lakini yanasomeka: `IFR18650 3.2V 1500mAh`.

Tarakimu 18650 ni vipimo vyenyewe: 18 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu, na sifuri ya mwisho ni sehemu ya kumi ya urefu. Wauzaji wengi na wanunuzi wengi wanaishia hapo. Wanaona 18650 mbili, wanasema ni aina moja. Lakini aina haimo kwenye tarakimu, imo kwenye herufi zilizotangulia. `I` inasema ni lithiamu ya kuchaji, `R` inasema ni ya duara, na herufi ya kati ndiyo inayosema ndani mmewekwa nini. `N` ni nikeli, `C` ni kobalti, `M` ni manganizi, `F` ni chuma. Zile za nikeli, kobalti na manganizi ni ndugu kwa upande wa chaji, kwani kwa kawaida hujaa zikifika volti 4.2. Ya chuma ni ukoo mwingine, yenyewe imejaa ikifika 3.65. Ganda likikosa herufi, tazama volti: 3.6 au 3.7 ni ukoo wa kwanza, 3.2 ni ya chuma. Rangi usiitazame kabisa, kila kiwanda kina rangi zake.

Nikamuuliza Ami ile ya kijani kaitoa wapi. Kumbe kaitoa kwenye taa ya sola ya uani iliyokwisha kufa. Hapo ndipo nilipoelewa yote, maana betri za chuma ni za kawaida sana kwenye taa za sola.

Kabla ya kumjibu nilitaka kujua betri zimekaaje ndani ya tochi. Nikamwambia atoe moja, awashe. Ikawaka. Atie hiyo, atoe ya pili. Ikawaka tena. Maana yake zimeunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na kila moja inaweza kuiendesha tochi peke yake. Betri zilizoungwa hivyo hazina hiari, lazima ziwe na volti moja wakati wote. Chaja iliyomo ndani ya tochi ile inajua jambo moja tu, kuacha kuchaji ikifika 4.2. Ya buluu inafika hapo kwa raha. Ya kijani ilishajaa kwenye 3.65, na kuanzia hapo inasukumwa kupita kiasi chake, usiku wa leo na wa kesho. Umeme hauna pa kuwekwa tena, kwa hivyo unaanza kuivunja maji yake ya ndani, inapata joto, na gesi inajikusanya. Vidole vya Ami vilikuwa vinapokea habari hiyo.

Kuna la pili. Ami alinambia siku nyingine huichaji ile ya buluu peke yake kwa chaja ya mwanawe, kisha anairudisha kwenye tochi iliyobaki na ya kijani. Hesabu yake ni hii. Ya buluu inaingia na volti 4.15, ya kijani imebaki na 3.25, tofauti ni 0.9. Kinachozuia umeme usimwagike kutoka moja kwenda nyengine ni ukinzani wa ndani wa betri zenyewe na wa zile springi, ambao kwa jumla ni kama omu 0.1 mpaka 0.15. Gawa, unapata ampea sita mpaka tisa kwa mpigo wa mwanzo. Chaja ya simu ya kawaida hutoa moja au mbili. Hapo hakuna swichi iliyowashwa, wala taa inayowaka, betri moja inamiminia nyingine ndani ya kichupa kilichofungwa mpira usipite maji. Mpira unaozuia maji kuingia ndio unaozuia gesi kutoka, na tochi yenyewe imefungwa kwenye paji la uso.

Haki ya ile ya kijani niiseme: betri za chuma ni miongoni mwa zilizo tulivu zaidi za lithiamu. Ikizidiwa, mara nyingi hutoa moshi kabla haijawa moto. Lakini jirani yake wa nikeli hana utulivu huo, na joto la moja ni joto la zote mbili.

Kufifia mapema nako kunatokana na hayo hayo. Ya kijani hukaa karibu na 3.2 au 3.3 karibu muda wake wote. Tochi ikiwashwa, ya buluu inafanya kazi karibu peke yake mpaka ishuke huko, na ikifika huko yenyewe imebakiwa na kidogo. Ami alidhani kaongeza betri, kumbe kaongeza mzigo.

Je, kama ganda limechanika na herufi hazipo? Picha haisaidii, chukua mita. Iache betri usiku mmoja bila kuiunga popote, kisha pima. Ukisoma 3.9, si ya chuma, maana ya chuma iliyopumzika hushuka mpaka 3.3 au 3.4. Lakini ukisoma 3.3 hujajua kitu, huenda ni ya chuma iliyojaa, huenda ni ya nikeli iliyokwisha. Mimi nikifika hapo siitumii. Na ganda lililochanika peke yake linatosha kuitupa nje ya tochi, kwa sababu mwili wote wa betri chini ya ganda ni hasi, mpaka kwenye ukingo wa juu, milimita chache tu kutoka kwenye kichwa chanya. Tone la maji ya chumvi linafika kote kuwili.

Mawe ya redio yana mambo yao, niyapitie kwa ufupi. `R20` ni jiwe la kawaida, `LR20` ni alkalaini, umbo ni moja. Redio huyapanga kwa mfuatano, kwa hivyo ukichanganya, la kawaida linaisha kwanza na mengine yanaendelea kulisukuma umeme kinyume mpaka linavuja. Ukikuta springi imeota unga, huenda ndiyo hiyo.

Nilimwambia Ami aitoe ya kijani jioni ile ile, atumie ya buluu peke yake. Ya kijani asiirudishe kwenye taa ya sola, imeshateswa; aibandike selotepu ncha zote mbili, aiweke mbali na kuni na watoto mpaka aniletee. Akitaka mbili, anunue mbili pamoja, za kiwanda kimoja na maandishi mamoja, na siku ya kuzitia zipishane chini ya volti 0.1.

Siku tatu baadaye ikaja picha kutoka dukani, safari hii rula imeshawekwa: `ICR18650 3.7V 9900mAh`. Herufi ni za ukoo unaofaa, volti zinafaa, vipimo vinafaa. Lakini umbo hilo halibebi umeme wa mAh 9900, zile nzuri za umbo hilo zina kama 3500. Nikamwomba aende kwa sonara wa jirani aipime. Betri nzima ya umbo hilo na ukoo huo ina gramu 45 hivi. Akaniletea picha ya mizani: 31. Nikamwambia amrudishie mwenye duka.