Nyongeza ya hatari ya nchi: ihesabiwe mara moja tu

Februari 2024 Kenya iliuza yurobondi ya dola bilioni 1.5 ya kukomaa 2031. Deni jingine la dola bilioni 2 lilikuwa likiiva Juni mwaka huohuo, shilingi ilikuwa imetoka kufika karibu 160 kwa dola, na wakopeshaji wakadai faida ya asilimia 10.375 kwa mwaka. Wakati huo hatifungani za Hazina ya Marekani za muda unaokaribiana na huo zilikuwa zinalipa takriban asilimia 4.2. Ukitoa moja kwa nyingine unabaki na pointi 6.2 hivi. Tofauti hiyo ndiyo bei ambayo soko liliweka kwa hatari ya kuikopesha Kenya badala ya Marekani, na ndipo wengi wetu tunapoanzia tunapotafuta nyongeza ya hatari ya nchi, yaani pointi tunazoongeza kwenye kiwango cha punguzo kwa sababu mradi uko Kenya.

Nitaifanyia hesabu kwenye mradi wa kubuni. Ghala la baridi Athi River, mtaji dola milioni 10, wapangaji ni wafanyabiashara wanaouza bidhaa humu nchini. Tunatarajia libakize dola milioni 2 kila mwaka kwa miaka 10, kisha basi. Mradi kama huu ungekuwa Marekani, ningechukua asilimia 4.2 isiyo na hatari, nikaongeza 5 ya hatari ya kawaida ya biashara, nikapata kiwango cha punguzo, kile kinachogeuza mapato ya miaka ijayo kuwa thamani ya leo, cha asilimia 9.2. Thamani ya sasa ya mapato ingekuwa dola milioni 12.7, na mradi unapita bila shida. Ukiongeza zile pointi 6.2, kiwango kinafika asilimia 15.4 na thamani inashuka hadi milioni 9.9. Mradi umeanguka kwa laki moja hivi.

Kabla ya kuukataa, angalia hatari hiyo haijahesabiwa mara mbili. Kosa ninalokutana nalo sana ni mtu kuchukua faida ya hatifungani ya shilingi kama kiwango kisicho na hatari. Mwezi huohuo wa Februari serikali iliuza hatifungani ya miundombinu kwa asilimia 18.46. Ndani ya namba hiyo tayari kuna mfumuko wa bei unaotarajiwa, kushuka kwa shilingi, na hatari ya serikali yenyewe. Mtu akiongeza juu yake 5 na 6.2, anafika karibu asilimia 29.7, kisha anaitumia kupunguzia mapato ya dola. Ghala letu linabaki na thamani ya milioni 6.2. Mapato ya dola yapunguzwe kwa kiwango cha dola. Ya shilingi kwa kiwango cha shilingi.

Kosa la pili hujificha zaidi, kwa sababu halionekani kwenye kiwango. Mchambuzi anaingiwa na wasiwasi, anakata mapato kutoka milioni 2.4 hadi 2 "kwa tahadhari", halafu anaweka nyongeza yote. Namwuliza swali moja: hii milioni 2 ni wastani wa hali zote, nzuri na mbaya, au ni hali mbaya peke yake? Ikiwa ni hali mbaya, hatari imelipiwa tayari.

Halafu kuna muda. Pointi 6.2 zilikuwa bei ya soko lililokuwa likihofia deni la Juni 2024. Kuziweka hivyohivyo hadi mwaka wa 10 ni kudai kwamba hofu ile haitapungua kamwe. Mimi huziacha zote kwa miaka ya mwanzo, kisha nazishusha. Tukitumia 6.2 kwa miaka 3 na 4 kwa miaka 7 iliyobaki, ghala linapata thamani ya milioni 10.26, na mradi unarudi upande wa faida. Hiyo 4 ni uamuzi wangu, haitoki sokoni, kwa hiyo naiandika wazi kwenye ripoti ili anayetaka kuipinga aipinge. Uamuzi unaogeuzwa na pointi mbili za miaka ya mbali haupaswi kuitwa imara.

Baadhi ya wachambuzi huenda upande wa pili. Aswath Damodaran wa Chuo Kikuu cha New York, kwa mfano, huzidisha tofauti ya hatifungani kwa kiasi ambacho hisa huyumba kuliko hatifungani, kwa hoja kwamba mwenye hisa hulipwa mwisho. Hoja ni nzuri. Tatizo ni kwamba katika soko dogo, hisa zisizouzwa kwa siku nyingi huonekana tulivu kwa sababu tu bei haikuandikwa, na kipimo kinapotoka.

Mwisho, angalia pesa inatoka wapi. Kiwanda cha chai kinachouza mnada wa Mombasa hulipwa dola na wanunuzi wa nje, hivyo mfuko wa Mkenya ukikauka hakiumii kama ghala letu. Lakini mishahara, umeme na marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani ni ya hapahapa. Kiwanda hicho nakipa sehemu ya nyongeza, si yote. Kampuni ya umeme yenye mnunuzi mmoja, shirika la serikali, naipa yote, hata kama mkataba wake umeandikwa kwa dola.