Taswira ya Majini Si Picha Iliyopinduliwa

Katika studio za picha za Kisumu na hata Nakuru, agizo ni lile lile: mtu ameongezwa kando ya maji, basi "mpindue, umweke kivuli chini, imeisha." Hapo kuna makosa mawili. La kwanza ni dogo: taswira kuitwa kivuli. Kivuli ni mahali ambapo mwanga wa jua umezuiwa, nacho huhama jua linapohama. Taswira ni mwanga uliotoka kwenye kitu, ukagonga maji tulivu na kuruka hadi kwenye kamera. Jua likiwa upande wowote, taswira hubaki wima chini ya kitu chenyewe, mradi kamera haikuinamishwa upande.

Kosa la pili ndilo linaloharibu kazi. Watu hudhani taswira ni nakala ya kile ambacho kamera imekwisha kuona. Sivyo. Maji huonyesha kile ambacho kamera ingeona kama ingekuwa chini ya uso wa maji, kwa kina kilekile ambacho sasa iko juu yake. Simama kwenye ufukwe wa Dunga, Kisumu, utazame mashua ya mbao iliyofungwa karibu. Wewe unaona nyavu zilizolala ndani yake. Tazama taswira yake: hakuna wavu hata mmoja, ni mbao za ubavu wa nje tu. Ukiipindua picha ya mashua hiyo, utakuwa umezitia majini nyavu ambazo maji hayawezi kuziona.

Tuchukue kazi inayoletwa mara nyingi: picha ya familia ufukweni, na babu hakuwepo siku hiyo, kwa hiyo anaongezwa. Mpiga picha alikuwa amesimama ndani ya mashua, kamera ikiwa mita 2 juu ya maji na imelekezwa sawa, bila kuinamishwa. Ukingo umeinuka wima mita 1 kutoka majini, nao uko mita 17 kutoka kwenye kamera. Babu, mwenye urefu wa mita 1.8, anawekwa mita 3 nyuma ya ukingo, yaani mita 20 kutoka kwenye kamera. Katika picha ana pikseli 540, kwa hiyo pale aliposimama kila mita ni pikseli 300.

Fundi wa haraka huchagua Flip Vertical, kisha hugusanisha nyayo na nyayo. Lakini kioo hakiko kwenye nyayo za babu. Kiko kwenye usawa wa maji, na usawa huo lazima uuendeleze kwa mawazo chini ya ardhi hadi pale aliposimama: mita 1 chini ya nyayo zake, yaani pikseli 300. Huo ndio mstari wa kupindulia. Utosi wake uko pikseli 840 juu ya mstari huo, basi katika taswira utakuwa pikseli 840 chini yake.

Bado kuna miguu. Kamera yetu ya kufikirika iko mita 2 chini ya maji na inatazama juu, lakini ukingo umesimama mbele yake. Mstari unaotoka kwake na kupita juu kabisa ya ukingo unamfikia babu kwenye urefu wa takriban mita 1.53 kutoka usawa wa maji, yaani nusu mita juu ya nyayo, kwenye magoti. Kwa hiyo majini babu anaanzia magotini. Kila kilicho chini ya hapo kimefunikwa na taswira ya ukingo wenyewe, na ni lazima ukifute kwenye nakala uliyoipindua. Macho ya mtazamaji hayajui hesabu hii, lakini nyayo zikionekana majini, babu anaelea.

Kumwondoa mtu ni hesabu ileile kwa kurudi nyuma. Taswira ya utosi iko pikseli 1,140 chini ya nyayo zake, mbali kabisa na mahali unaposafisha. Ndiyo maana picha nyingi zilizosafishwa hubaki na kichwa kisicho na mwenyewe majini.

Upepo wa ziwa ukianza mchana, viwimbi huivuta taswira wima na kulainisha kingo zake, basi nakala kali isiyo na mtikisiko itajitenga na maji yaliyoizunguka. Gugu maji likitanda, hapo hakuna taswira ya kuweka. Na maji yetu ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, yana tope, kwa hiyo shati jeupe hufifia na kuchukua kahawia kidogo.

Kwenye sakafu ya ukumbi iliyong'arishwa, nyayo ziko juu ya kioo chenyewe, na hapo kugusanisha nyayo na nyayo ni sahihi. Huenda ndiko mazoea yalikoanzia. Ufukweni, mpendwa fundi, tafuta kwanza usawa wa maji ulipo chini ya huyo mtu, ndipo umpindue.