Huo ni mlonge kweli?

Mwezi uliopita mama mmoja jirani yangu hapa Morogoro alinijia na tawi bichi. Ana biashara ndogo ya unga wa majani ya mlonge, na kijana mmoja alikuwa amemwahidi gunia zima la majani kutoka shamba lake. "Mwanangu, hebu niangalizie. Mbona haya yamekaa kama siyo?"

Macho yake hayakumdanganya. Lilikuwa tawi la melia, mti wa kivuli ambao wengi huuchanganya hata na mwarobaini. Matunda yake ni sumu, na majani yake si ya kuweka kwenye uji wa mtoto. Ngoja nieleze nilivyofika hapo.

Kwanza nilitaka kujua jani linaanzia wapi. Watu wengi huchuma kipande tu wakidhani ni jani zima. Jani zima la mlonge lina urefu wa mkono hivi, na huanzia pale penye jicho la chipukizi, kikonyo kinapokutana na tawi. Kutoka hapo kikonyo kikuu hugawanyika, vikonyo vyake hugawanyika tena, na sehemu ya chini hugawanyika mara ya tatu. Mwishoni ndipo vilipo vile vijani vidogo tunavyovila kama mboga. Mlusina, mti wa malisho ambao nao kwa mbali hufanana na mlonge, hugawanyika mara mbili tu, na vijani vyake ni vyembamba vilivyopangwa kama meno ya kitana, kwa hiyo huo haukunisumbua. Melia ndiyo yenye hila, kwa sababu nayo hugawanyika mara mbili au tatu.

Basi nikatazama kijani kimoja kimoja. Cha mlonge ni kidogo, sentimita moja hadi mbili, ncha yake ni ya mviringo kama ya kijiko, wakati mwingine ina kibonyeo kidogo, na ukingo wake ni laini pande zote. Vya mama vilikuwa virefu zaidi, vimechongoka nchani, na ukingo una meno kama ya msumeno. Ila usitegemee meno peke yake, maana kuna vijani vya melia vyenye ukingo karibu laini. Ncha iliyochongoka ndiyo ya kuaminiwa zaidi. Tena mlonge una vitezi vidogo vyenye kikonyo pale vikonyo vinapoungana, na kwenye majani machanga utaona tone la maji maji, mara nyingi sisimizi wameshafika. Hapa sikuviona.

Kuna tahadhari kwa wasomaji wa Marsabit na Turkana: huko, kama ilivyo kusini mwa Ethiopia, kuna mlonge mwingine wenye vijani vikubwa zaidi na vilivyochongoka kidogo. Kwa huo, kipimo cha ncha hakifai.

Nikamwomba mama tuende kwenye mti wenyewe, maana gome halisafiri na tawi. Gome la mlonge ni la kijivu cheupe na ni laini kama kizibo cha chupa. Ukilibonyeza kwa ukucha linaacha alama, na tawi la unene wa kidole gumba hukatika kirahisi. Shina tulilolikuta lilikuwa la kahawia, gumu, lenye mipasuko ya wima. Gundi iliyoganda kwenye jeraha sikuihesabu. Ya mlonge hutoka nyeupe kisha hugeuka nyekundu ya kahawia, lakini melia nayo hutoa gundi. Gome la kizibo nalo lisikudanganye: kuna mti wa maua meupe marefu, wenye asili ya Asia, unaopandwa mijini, nao una gome la kizibo na majani yaliyogawanyika vilevile. Wenyewe vijani vyake vimechongoka.

Kinachomaliza ubishi ni tunda. Ganda la mlonge ni refu, sentimita 30 hadi 50 kwa kawaida, na ukilivunja katikati utaona pembe tatu. Likikauka hupasuka vipande vitatu, na ndani mna mbegu za mviringo za kahawia, kila moja na mbawa tatu nyeupe kama karatasi. Angalizo: ganda la zamani lililobaki mtini likiwa wazi, kipande chake kimoja huonekana bapa kama ganda la mlusina. Okota lililofungwa. Juu ya mti ule hapakuwa na ganda hata moja. Palikuwa na vishada vya vitunda vya mviringo, vya njano, vikubwa kama gololi.

Kijana alisema aliuziwa miche hiyo kama mlonge, na ninamwamini. Mche wa mwezi mmoja humchanganya hata mzoefu. Mama akalikataa gunia. Sasa amemwambia kila anayemletea majani alete tawi bichi lililochumwa asubuhi ileile, pamoja na ganda moja, kwa sababu vijani vya mlonge hupukutika ukiliacha tawi usiku kucha, na vikishasagwa kuwa unga mimi mwenyewe siwezi kuvitambua kwa macho.