Mpango wa kinyumenyume si orodha ya yaliyomo

Mwambie mwanafunzi achore mpango wa kinyumenyume wa rasimu yake, atakuletea vichwa vya sura, au ule mpango aliompelekea msimamizi kabla hajaandika hata ukurasa mmoja. Vyote viwili vinaeleza alichokusudia kusema. Mpango wa kinyumenyume hutolewa kwenye rasimu iliyokwisha andikwa: unazipa aya nambari, na kwa kila aya unaandika pembeni sentensi moja ya kile inachosema. Kisha unaifunika rasimu, unasoma sentensi hizo peke yake na kuzipima na hoja kuu.

Iwe sentensi kweli, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanaandika mada, na mada haibishani na mtu. Chukua rasimu ya aya 24 juu ya nyumba za Mji wa Kale hapa Mombasa. Hoja yake ni kwamba nyumba zinachakaa kwa sababu warithi ni wengi na hawaafikiani nani atoe pesa ya ukarabati. Sheria ya kuzihifadhi ipo. Ukiandika mada pembeni utapata Ngome ya Yesu, milango ya nakshi, sheria, mirathi. Inapendeza, na hakuna linalokushtua.

Sasa andika sentensi. Aya 1 hadi 8: Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na UNESCO ikaiorodhesha mwaka 2011. Aya 9 hadi 14: milango ilionyesha hadhi ya mwenye nyumba. Aya 15 hadi 20: nyumba zinaharibika kwa sababu sheria haisimamiwi. Aya 21 hadi 23: warithi hawaafikiani. Aya ya 24 ni hitimisho. Kumbe hoja imebebwa na aya 3 tu, na zile 6 zilizotangulia zinaipinga! Ngome nayo haina warithi wa kugombania, kwa hiyo aya zake 8 hazithibitishi chochote hapa.

Hapo mwandishi ana njia mbili: abadilishe hoja ifuate ushahidi wa aya 15 hadi 20, au aonyeshe kwa nini mirathi inazidi usimamizi mbovu kwa uzito. Mpango hautamchagulia, wala hautamwambia kama ushahidi wenyewe ni wa kweli. Lakini kazi hii ifanywe kabla ya kunyoosha lugha, kwa sababu aya za milango akishazipiga msasa, mkono utakuwa mzito kuzikata.

Aya ikikataa kuingia katika sentensi moja, huenda imebeba mambo mawili. Aya mbili zikipata sentensi ileile, moja haina kazi.

Ule mpango wa mwanzo usiutupe, ndugu yangu. Uweke kando ya huu mpya uone ulipoacha njia. Ila huu mpya uandike rasimu ikiwa mbele yako, na ule wa zamani ukiwa bado umekunjwa.