Unyayo wa kaboni: anza na mita, mtungi na tangi

Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Ikiungua, hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi. Kila nikisema hivyo darasani, kuna anayedhani nimekosea hesabu. Sijakosea, uzito wa ziada umetoka hewani. Mafuta yanapoungua, kila gramu 12 za kaboni iliyomo hushikana na gramu 32 za oksijeni.

Unyayo wa kaboni ni jumla ya gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto hewani, zinazotokana na maisha ya mtu au kaya, zote zikigeuzwa kuwa kilo za kaboni dioksidi ili zijumlishike. Kilo moja ya methani, kwa mfano, huhesabiwa kama kilo 28 hivi, kwa kipimo cha joto linalonaswa katika miaka 100.

Kwa makadirio ya nyumbani, chukua kiasi ulichotumia, zidisha kwa kigezo chake, yaani kilo za kaboni dioksidi zinazotokana na kila lita, kilo au uniti. Petroli ni 2.3 kwa lita. Gesi ya mtungi ni takriban 3 kwa kilo. Umeme ndio unaosumbua, kwa sababu kigezo chake hutegemea unakozalishwa: ukitoka makaa ya mawe ni karibu kilo 1 kwa uniti, ukitoka gesi asilia ni karibu nusu ya hapo, na wa maji huwa mdogo sana. Tafuta wastani wa gridi ya nchi yako.

Tuseme kaya ya watu wanne hutumia kwa mwezi uniti 150 za umeme, mtungi wa kilo 13 na lita 40 za petroli, na kigezo cha gridi yao ni 0.5. Umeme unatoa kilo 75, gesi 39, petroli 92. Jumla ni 206 kwa mwezi, yaani 2,472 kwa mwaka, au 618 kwa kila mtu. Gridi hiyo ingekuwa ya makaa matupu, umeme peke yake ungefika 150 na kuipita petroli, bila wao kuwasha hata taa moja zaidi.

Mara ya kwanza nilipojipimia, niliingiza pesa nilizolipia umeme badala ya uniti, kodi na ada zikiwemo. Matokeo yalikuwa kichekesho. Kosa jingine ni kuhesabu mtungi uliodumu miezi miwili kama wa mwezi mmoja. Andika tarehe unapoanza kuutumia na unapoisha.

Hesabu hii haijagusa chakula, nguo wala vifaa, kwa hiyo unyayo halisi ni mkubwa zaidi. Ndege nayo iongezwe kando: safari moja ndefu ya kwenda na kurudi inaweza kufikia tani nzima kwa abiria mmoja, zaidi ya mgao wa mwaka wa kila mtu katika kaya yetu. Na ile 2,472 mimi ningeiandika tani 2.5 tu, maana vigezo vyenyewe ni vya kukadiria.